Kurasa 16, watoto 32: kukagua mchezo wa shule kabla ya kugawa nafasi

Swali: Jambo Papa. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Katuba, Lubumbashi. Nimeandika mchezo wa kuigiza ambao watoto wangu 32 watauonyesha uwanjani siku ya kufunga mwaka wa shule. Ni kurasa 16. Mkurugenzi ameusoma, akasema hadithi ni nzuri lakini watoto hawataweza kuubeba, wala hakunieleza zaidi. Mama mmoja naye ameuliza kwa nini mtoto mmoja tu ndiye anayesema muda wote. Nimekutumia maandishi yote. Niyakague vipi, na nianze kukata wapi?

Jibu: Jambo Mama Mwalimu. Nimeusoma mchezo wako mara mbili, mara ya pili kwa sauti nikiwa na saa mezani. Hadithi usiiguse. Mama anauza unga sokoni, pesa za shule zinapotea, mtoto wake Kabwe anashutumiwa kuwa ameziiba, na mwishowe zinapatikana ndani ya unga aliopimiwa mteja kwa meka, kile chombo cha kupimia unga sokoni. Mtu yeyote wa Lubumbashi ataifuata bila kuelezwa. Kasoro ziko kwingine, na zote zinatoka mahali pamoja: uliandika ukimfikiria msomaji. Msomaji anaweza kukaa na Kabwe peke yake kurasa nzima, akasikia mawazo yake, akauona mwezi ukichomoza. Mtoto wa miaka kumi aliyesimama uwanjani mwezi wa saba, upepo wa kiangazi ukimpiga usoni na wazazi mia mbele yake, ana mwili wake, sauti yake na vitu vichache vya mkononi. Basi tuukague mchezo kwa kuuliza kila mara: mtoto huyu, mahali hapa, anafanya nini?

Kabla hujafuta neno lolote, hesabu. Chukua karatasi kubwa, andika majina ya wahusika kwenda chini na maonyesho matano kwenda upande. Katika kila chumba andika idadi ya kauli, yaani mara ngapi mhusika anafungua mdomo. Kama yuko jukwaani bila kusema, andika K ya kimya. Kama hayupo, acha wazi. Kazi hii huchukua jioni moja, na hakuna atakayebishana na karatasi hiyo, wala wewe mwenyewe unayempenda Kabwe.

Nimekufanyia ya kwanza. Mchezo una kauli 210. Kabwe anasema 84, mama yake 41, shefu wa mtaa 30, mteja wa meka 18, mwalimu 12. Wahusika wengine sita wenye majina wanagawana 22. Watoto 21 waliobaki uliwaita "umati", na umati unasema mara tatu katika mchezo mzima, kila mara neno lilelile: "Mwizi!" Kwa hiyo yule mama aliona sawasawa. Theluthi mbili ya darasa lako imekuja kupiga kelele mara tatu.

Lakini usikimbilie kugawa kauli 210 kwa watoto 32 ili kila mmoja apate sita na nusu. Usawa wa nafasi haupimwi kwa maneno peke yake. Nina kipimo kingine ambacho nakiamini zaidi: mwondoe mhusika, kisha usome mchezo bila yeye. Kama hakuna kinachobadilika, mtoto huyo hana nafasi, hata akiwa na kauli kumi. Mwalimu wako wa onyesho la pili ana kauli 12, na nilipomwondoa sikuona pengo, kwa sababu anarudia tu yale ambayo mama ameshayasema. Kinyume chake, mtoto anayeingia mara moja akisema "Mimi nilimwona akikimbia" anageuza kesi nzima kwa maneno matatu. Katika kila darasa yupo mtoto mwenye haya, au mwenye kigugumizi, au asiyesoma vizuri bado. Huyo mpe kauli chache zenye uzito, mpe na kazi ya mikono ambayo bila yeye hadithi haiendi. Usimfiche nyuma ya umati.

Angalia pia safu ya wasichana. Katika maandishi yako shefu, mwalimu, polisi na fundi wa baiskeli ni wavulana. Wasichana ni mama, mteja na jirani wawili wanaolia. Shefu anaweza kuwa msichana bila kubadilisha neno hata moja.

Sasa Kabwe mwenyewe. Kauli 84 kwa mtoto mmoja ni mzigo, na pia ni hatari: akiugua malaria wiki ya mwisho, huna mchezo. Nakushauri Kabwe achezwe na watoto watatu. Mmoja achukue maonyesho mawili ya mwanzo, wa pili achukue soko na kesi, wa tatu achukue mwisho. Mtazamaji amtambue kwa kitu kimoja kinachoonekana kutoka mbali, tuseme kofia nyekundu. Onyesho linapokwisha, Kabwe wa kwanza anavua kofia mbele ya watu wote na kumvisha Kabwe wa pili. Usifanye hivyo kwa siri nyuma ya pazia, maana watu watadhani ni mhusika mpya. Watatu wanatosha. Ukifika watano, wazazi watapoteza uzi wakimtafuta Kabwe ni nani. Na usibadilishe katikati ya onyesho. Subiri jukwaa litulie.

Turudi kwenye safu ya K, kwa sababu ndiyo inayotuonyesha onyesho lililo refu mno. Maonyesho yako yana kurasa 2, 3, 6, 1 na 4. Ukisoma kwa sauti ya mtu mzima, ukurasa wa mazungumzo unamalizika kwa dakika moja hivi. Kwa watoto hesabu dakika moja na nusu hadi mbili: wanatembea, wanasubiriana, wanasahau, na watazamaji wanacheka mahali ambapo hukutegemea. Onyesho la tatu basi litachukua dakika tisa hadi kumi na mbili, na watoto 21 wa umati wapo humo tangu mwanzo hadi mwisho wakiwa na K moja ndefu. Mtoto wa darasa la tano aliyesimama jukwaani bila kazi hukaa tuli kama dakika moja. Baada ya hapo anavuta sare yake, anamtafuta mama yake kati ya watu, anamsukuma mwenzake, na macho yote ya uwanja yanamhamia yeye. Mara nyingi tunawaambia watoto hao hawana nidhamu. Kosa liko kwenye karatasi.

Kwa umri huo mimi huweka onyesho moja ndani ya dakika tatu au nne, yaani kurasa mbili za mazungumzo, na kauli moja isizidi sentensi tatu fupi. Kauli ndefu kuliko hiyo mtoto huikariri kama shairi la darasani, kwa sauti moja, huku akiangalia juu. Uwanjani bila mikrofoni pumzi nayo inamwishia, na mwisho wa sentensi hausikiki.

Onyesho la tatu nilikata namna hii. Niliweka mstari wa penseli kila mahali ambapo mtu mpya anaingia au mtu aliyepo anaanza kutaka kitu kingine. Ikapatikana mistari minne, yaani vipande vitano: wateja wananunua na mama anagundua pesa hazipo, umati unamshutumu Kabwe, Kabwe anasimulia maisha yake, shefu anafika na kuhoji, shefu anatoa muda hadi jua kuzama. Kipande cha tatu, ukurasa mmoja na nusu, ni kauli moja ya Kabwe. Nimeisoma kwa makini, kwa sababu imeandikwa vizuri na najua ilikugharimu. Anaeleza kifo cha baba, deni la shule, na kazi anazofanya asubuhi. Yote hayo tumeshayaona katika onyesho la kwanza kwa macho yetu. Ifute, ubakishe sentensi moja tu, ile ya "Mama, wewe pia unaamini?" Hiyo ndiyo inayouma, na iko chini kabisa pale ambapo hakuna mtu angeifikia.

Vipande vinavyobaki vinakuwa maonyesho matatu madogo: soko, shutuma, kesi. Na hapa ndipo umati wako unapata kazi. Badala ya "umati", mpe kila mtoto meza yake sokoni. Huyu anauza samaki wadogo wa kapenta, yule makala ya kupikia, huyu nyanya, yule anatengeneza viatu, wawili wamekuja kununua, mmoja anasukuma baiskeli yenye magunia. Katika kesi, zile kauli ambazo shefu anamhoji Kabwe tu, zigeuze ziwe maswali kwa mashahidi wanane. Hapa chini ni kipande chako:

SHEFU: Kabwe, ulikuwa wapi asubuhi?
KABWE: Nilikuwa nyuma ya meza ya mama, nikafunga gunia, kisha nikaenda kuleta maji, nikarudi, nikakuta watu wengi, na mama akaniambia nimpimie yule mama mwenye kitambaa, lakini meka ilikuwa mkononi mwa mama mwenyewe, basi mimi nikashika gunia tu.

Na namna nilivyokigawa:

SHEFU: Nani alimwona mtoto huyu asubuhi?
MUUZA MAKALA: Mimi. Alifunga gunia.
MUUZA NYANYA: Mimi nilimwona na ndoo. Alienda kuleta maji.
MUUZA KAPENTA: Uongo! Alikuwa amesimama kwenye pesa.
MUUZA NYANYA: Alikuwa ameshika gunia!
SHEFU: Na meka? Nani alishika meka?
(Kimya. Wote wanamgeukia mama.)

Habari ni zilezile, lakini watoto wanne wamesema, wawili wamebishana, na macho ya jukwaa zima yanaelekea mahali pamoja. Muuza kapenta ana kauli moja tu, na bila yeye kesi haina moto. Watoto walio kimya wana la kufanya vilevile, kwa sababu kila mmoja anasubiri kuona kama jirani yake atamtetea Kabwe au atamchoma.

Kwa maneno ya mashahidi, usiyaandike yote wewe. Lubumbashi tumekuwa na kundi la Mufwankolo, ambalo lilikubaliana kwanza juu ya hadithi, kisha waigizaji wakajenga maneno yao kwenye mazoezi kwa Kiswahili cha mji huu. Wale walikuwa watu wazima wenye uzoefu wa miaka, na waliweza kushikilia onyesho refu bila karatasi. Usiwadai watoto hivyo. Lakini njia yao unaweza kuiazima kwa kipande hiki kimoja. Mwambie kila mtoto alichokiona, mwache akiseme mwenyewe mbele ya shefu, halafu wewe andika alivyosema na uibakishe hivyo. Mtoto hasahau sentensi aliyoitunga. Na kama maneno yake ni ya mtaani kidogo kuliko Kiswahili chako cha vitabu, soko litasikika kama soko.

Nimefika kwenye maelekezo ya jukwaa, na hapa nilipiga mistari mingi. Kila elekezo nililiuliza mambo matatu: nani analifanya, kwa kitu gani, na mzazi aliyekaa safu ya mwisho ataona nini. Likikosa jibu moja, halichezeki.

"Usiku unaingia taratibu, mwezi unachomoza juu ya paa za Katuba." Mtacheza saa nne asubuhi, nje, jua likiwaka. Hakuna wa kulizima. Usiku wa mchana huletwa na watu: wauza meza wanafunika bidhaa zao kwa vitenge mmoja baada ya mwingine, mmoja anapiga miayo, wa mwisho anawasha taa ya mafuta na kuibeba akiondoka. Taa haihitaji hata kuwaka. Tena umewapa watoto wanane kazi kwa nusu dakika.

"Kabwe anamkumbuka marehemu baba yake." Kumbukumbu haionekani. Uliza: mtu anayekumbuka, mikono yake inafanya nini? Katika onyesho la kwanza umeandika kwamba baba aliacha redio mbovu. Basi Kabwe aishike, azungushe kitufe, asikilize, aiweke chini. Maelekezo yako yote yanayosema "anajuta", "anahuzunika moyoni", "anatambua ukweli" yapitie njia hiyo hiyo. Yako 14. Yale usiyoweza kuyapatia kitendo yafute, maneno ya mhusika yatatosha.

"Umati unamtupia mawe." Hapana, hata mawe ya karatasi. Watoto wakichangamka mbele ya watu, mkono hausikii mazoezi. Waache wapige hatua moja mbele kwa pamoja, kisha ya pili, kisha ya tatu, na Kabwe arudi nyuma kila hatua mpaka agonge meza ya mama yake. Mguu mmoja kwa watoto 20 unatoa sauti ambayo uwanja wote utaisikia, na inatisha kuliko mawe.

"Kabwe anakimbia mitaa yote akimtafuta mwanamke wa meka." Kwenye jukwaa la mita sita atamaliza mbio kwa sekunde mbili. Mfanye akimbie mahali pamoja katikati, na watoto wapite pembeni yake wakibeba wanachobeba, kila mmoja akijibu swali lake: "Hapana", "Amepita", "Uliza pale". Wapite watoto sita, wakitokea upande ambao yeye anauelekea.

"Mama anamwaga unga wote chini, na noti inaonekana." Hili ndilo linaloamua mchezo wako, kwa hiyo nikae nalo kidogo. Unga wa kweli mwezi wa saba utapeperuka ukaingia machoni mwa watoto wa mbele, utafanya sakafu iteleze, na wazazi wengine wataumia kuona bukari ya siku mbili ikikanyagwa. Noti nayo, hata ikianguka vizuri, haionekani na mtu aliye mbali zaidi ya hatua tano. Mwisho wako utaonekana na safu ya kwanza tu, wengine watauliza "Kumetokea nini?" Suluhisho liko sokoni kwenyewe. Mama wengi hufunga pesa kwenye pembe ya kitambaa. Basi katika onyesho la kwanza mama azifunge pesa kwenye kitambaa chekundu kikubwa, afanye fundo polepole, alinyanyue na kusema, "Hizi ni za Kabwe." Watu wataliona na kulikumbuka. Mwishoni mteja aje na beseni lake, ndani uwe umeweka kitambaa cheupe badala ya unga, aingize mkono, atoe fundo jekundu na kulinyanyua juu ya kichwa. Mtu asiongee mpaka uhesabu tatu moyoni. Hata mtoto aliyekaa juu ya ukuta wa shule atajua ni nini.

Mabadiliko haya yana bei moja: kitambaa hicho lazima kianguke ndani ya gunia mahali ambapo watazamaji hawakioni, la sivyo siri inatoka mapema. Nimeweka hapo wanunuzi wawili wanaobishana bei mbele ya meza wakati mama anageuka. Jaribu kwenye mazoezi, ukikaa mwenyewe kila upande wa uwanja, maana wazazi wako watakaa pande tatu.

Baada ya kukata, fanya jedwali upya. Kwa hesabu yangu mchezo utashuka hadi kurasa 11 au 12. Kila Kabwe atakuwa na kauli zinazokaribia 20, na umati utakuwa umekwisha kwa sababu kila mtoto atakuwa na meza, jina na jambo analolijua. Angalia tena K. Mtoto yeyote mwenye K katika onyesho la zaidi ya dakika mbili, mpe kitendo au mtoe nje ya onyesho. Angalia pia wanaotoka na kurudi wakiwa mhusika mwingine. Kama kati ya kutoka na kurudi hakuna walau nusu ukurasa, mtoto atarudi na nguo kinyumenyume.

Kisha waite watoto wanane wa kusoma tu, si waigizaji uliowachagua, wakae mduara na wasome mchezo wote. Wewe usifuate karatasi, waangalie wao. Wanapoanza kuhesabu kurasa zilizobaki, weka alama hapo na ukate. Wanapogeuka kumtazama anayesoma, hapo usiguse kitu. Kauli ambayo watoto wawili tofauti wamekwama katika neno lilelile, badilisha neno.

Usigawe nafasi mpaka kazi hii iishe, hata wazazi wakikuharakisha. Ukishamwambia mtoto "wewe ni Kabwe", kila kauli utakayofuta itakuwa kauli umemnyang'anya. Nitumie jedwali la pili ukilimaliza, pamoja na onyesho la mwisho. Maneno ya kurasa zake nne sijayagusa, maana mteja wa meka ana maneno mengi ya kuomba msamaha, na ningependa kuona kwanza utamfanya aombe kwa kitendo gani.